Mtego wa Jibu B

Mimi ni Ochoki, mwalimu wa kemia hapa Manga, na nina wimbo mmoja tu: "Hesabu atomu kushoto, hesabu kulia. Zikilingana, weka alama, songa mbele!" Nilijiona bingwa.

Jumatatu niliwauliza wanafunzi wangu ni mlinganyo upi unaoonyesha haidrojeni ikiungua na kuwa maji.

A: H₂ + O₂ → H₂O
B: H₂ + O₂ → H₂O₂
C: 2H₂ + O₂ → 2H₂O

A imepoteza oksijeni moja. C ndiyo jibu: haidrojeni nne na oksijeni mbili, pande zote. B niliitega makusudi, nikicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Darasa zima likachagua B.

"Hayo ni maji gani?" nikafoka.

Mong'ina, kiranja wao, akasimama kwa adabu zake zote. "Mwalimu, tulihesabu. Haidrojeni mbili kwa mbili, oksijeni mbili kwa mbili. Zikalingana, tukaweka alama, tukasonga mbele."

Nikageukia ubao, nikaitazama B upya.

"Kwani hiyo ni nini, mwalimu, kama si maji?" akauliza Mong'ina.

"Ni haidrojeni peroksaidi, dawa ya kuoshea vidonda," nikajibu, na saa hiyo mimi ndiye niliyeihitaji, chupa nzima.