Nilimtumia shemeji Ivia wangu, akasita kumrudisha

Watu wangu, sikilizeni.

Nilikuwa nimebakisha wanyama wawili kumaliza orodha ya gemu yangu ya kukusanya wanyama.

Wa kwanza hapatikani kwenye toleo langu jekundu, hata utafute mwaka mzima. Yuko kwenye toleo la bluu pekee, na shemeji yangu Mwende wa Kibwezi ako nalo.

Leo amekuja kwangu hapa Tulia. Tukaunganisha mashine zetu za gemu, nikampa simba asiyepatikana kwake, akanipa nyangumi niliyemkosa. Fiti.

Wa pili ni Ivia, mnyama wa jiwe niliyemlea tangu siku ya kwanza. Hubadilika umbo akitumwa kwa mchezaji mwingine tu. Nikamtuma, Mwende akanipa panya. Kwake Ivia akageuka jitu, umbo lile lililobaki kwenye orodha yangu!

"Shem, chukua panya wako, nirudishie."

"Woi, ni msupa, mrembo hivi. Na nikikaa naye?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamtumia ombi la kubadilishana.

Dakika nzima kidole chake juu ya kitufe! Halafu akabonyeza kukubali.

"Kwani ungelia? Ameshaingia kwa orodha yangu, haondoki hata nikimrudisha."

Ivia akarudi. Orodha ikajaa, na mimi nikalia kweli.

Semeni ukweli: nyinyi mngemrudisha?