Barua Tuliyoiandika Mara Mbili

Miaka ile ya tisini, nilipokuwa nafundisha shule ya msingi Kakese, majirani walikuja kwangu kuandikiwa barua. Bado naikumbuka kwa furaha ile ya mjane mmoja aliyekuja na barua ya shemeji yake wa Inyonga, kaka wa marehemu mumewe. Shemeji huyo alikuwa akimlea binti wa mjane huyo, wa darasa la saba. Sasa, kwa mkono wa jirani yake, aliandika kwamba binti ni mvivu, anajifanya msomi wenzake wakichambua tumbaku, na mwisho wa mwezi atampandisha basi arudi kwa mama yake. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa bado, naye alikuwa amesajiliwa kulekule. Akirudi, miaka saba imepotea.

"Andika, mwalimu! Mwambie ni fisi. Mdogo wake, mume wangu, angekuwa hai asingethubutu. Umeandika fisi?"

"Nimeandika, mama."

"Andika tena."

Niliandika yote. Ukimkatiza mtu mwenye hasira, hasikii ushauri wako. Anangoja tu umalize. Kisha nikamsomea polepole. Kwenye fisi wa pili akacheka.

"Akishasikia haya, unataka afanye nini?"

"Amwache mwanangu afanye mtihani."

Tukalitafuta neno hilo. Ukurasa mzima na nusu, mtihani haukutajwa hata mara moja.

"Na shemeji anasomewa barua na nani?"

Shemeji hakujua kusoma wala kuandika. Nyumba ile msomaji alikuwa mmoja tu, binti mwenyewe.

"Mungu wangu! Mwanangu asimame mbele ya baba yake mkubwa amwite fisi?"

Nikamweleza kwamba kupoza barua si kupiga magoti. Dai linabaki lilelile, matusi ndiyo yanayotoka. Tukaanza upya: salamu, shukrani kwa miaka miwili ya kumlea, kisha moja kwa moja, binti hawezi kufanya mtihani huo Kakese, hivyo nakuomba umwache abaki hadi aumalize, baada ya hapo atasaidia kwenye vitalu vya tumbaku.

"Usiondoe kwamba mwanangu si mvivu," akasema.

"Siondoi. Ila tumwonyeshe. Huko anafanya kazi gani?"

Akanitajia, na sentensi ikawa: tangu afike kwako, anachota maji kila alfajiri kabla ya shule.

Asubuhi nilikwenda nayo posta Mpanda. Ile ya kwanza, yenye fisi, mama aliidai abaki nayo.

"Utaifanyia nini, na wewe husomi?"

"Nitaishika tu, mwalimu. Roho itulie."

Zilipita kama wiki tatu. Jibu likaja, kwa mwandiko wa binti mwenyewe: baba mkubwa amekubali abaki mpaka mtihani, ila anasema maji kila mtu anachota, si jambo la kuandikiwa barua.

Mama akapiga kigelegele kilichowatoa watoto darasani. Kisha akakunja uso. "Ona! Shemeji ubishi hajaacha."

"Tumjibu?"

Akafikiri kidogo. "Mwandikie asante. Basi. Na leo usiniulize maswali yako."