Macho Chini Mbele ya Simu

Majina ya watu wote waliopita katika nyumba yangu hapa Ipuli ninayo kichwani, na ya watoto wao, na ya waliofariki. Lakini humu siandiki jina la mtu. Mjukuu wangu ameniomba hivyo, maana habari hii ni yake zaidi kuliko yangu.

Huyu mjukuu nimemlea tangu ana miaka mitatu. Mimi nilisoma hadi darasa la nne tu, nikauza asali sokoni maisha yangu yote. Yeye kasoma hadi stashahada. Miaka miwili baada ya chuo alikuwa bado anakaa na mimi akiuza vocha za simu, na kila akiomba kazi anaambiwa asubiri. Ndipo ikatangazwa kazi hapahapa Tabora, kampuni ya mbegu inataka mtu wa kupokea simu za wakulima. Nikasema hii ni yake. Huyu mtoto anaongea Kiswahili safi na Kinyamwezi chake hakijapotea.

Akaniambia, "Bibi, usaili unafanyika kwenye simu."

"Watakupigia?"

"Hapigi mtu. Swali linatokea kwenye kioo, napewa nusu dakika ya kufikiri, halafu najirekodi dakika mbili. Programu inasikiliza na kutazama uso, inatoa alama."

"Uso unapewa alama? Kwani unauza sura?"

Akacheka. Alijaribu kujirekodi mara ya kwanza akakwama. Alisema hawezi kuongea na kioo, anajiona mwenyewe anababaika. Basi tukapanga hivi: simu iegemezwe juu ya debe la mahindi pale mezani, nami nikae nyuma ya hiyo simu kwenye kigoda, ili aongee na mtu. Wazo lilikuwa langu. Niliona nimefanya akili.

Siku ya usaili alivaa gauni la kanisani. Akajibu maswali yote, na maneno yake yalikuwa matamu, nikatamani kupiga vigelegele. Alieleza jinsi ya kumtuliza mkulima ambaye mbegu zake hazikuota: kwanza unampa pole, halafu unamsikiliza mpaka amalize, ndipo unauliza alipanda lini. Na muda wote huo alikuwa ameinamisha macho, anatazama mkeka. Ndivyo nilivyomfundisha. Kwetu mtoto hamkodolei macho mtu mzima. Nami sikugundua kitu, maana nimezoea kuona hivyo.

Baada ya siku nne jibu likaja: asante kwa kuomba, hukuchaguliwa. Chini waliweka ripoti, akanisomea. Ufasaha wa maneno: juu. Kujiamini: chini. Uchangamfu: chini. Uaminifu kwa wateja: wa mashaka.

"Wa mashaka ndiyo nini?"

"Wanaona kama naficha kitu, Bibi."

Akaingia chumbani. Nilibaki na ile simu mkononi, na hapo ndipo nilipoelewa. Nilimkalia mbele, akaniheshimu, na heshima yake ikaandikwa kuwa ni ujanja. Sikula siku ile. Nilijiuliza kama malezi yangu yote yamekuwa kamba ya kumfunga.

Nikakumbuka mume wangu. Mara ya kwanza alipokuja kwetu Kigwa na wazee wake alikuwa amekunja uso kama mtu aliyelazimishwa. Nilimwambia mama simtaki mwanaume mkali. Kumbe alikuwa na jino linamuuma, na ana haya. Katika miaka thelathini na nane sikumsikia akimfokea hata mbuzi. Na babu yangu, aliyesikia kwa wazee wake waliokuwa wapagazi wa misafara ya kwenda pwani, alisema mpagazi alibebeshwa mzigo akaambiwa atembee, wakamtazama anavyokwenda. Sura yake hakuna aliyeipima; hiyo ilikuwa ya mama yake tu.

Kesho yake nikamwamsha. "Mama, amka. Hiyo mashine tuijaribu."

Alitafuta kwenye mtandao programu ya mazoezi, ya aina hiyohiyo, ya bure. Akajirekodi akisoma maneno yaleyale, mara tatu. Mara ya kwanza dirisha likiwa limefungwa, akapewa uchangamfu chini. Akafungua dirisha, mwanga ukamwangukia, uchangamfu ukapanda. Mara ya tatu akavaa miwani yangu, akawa mtu mwingine kabisa: makini na mwenye utaratibu.

"Nipe hiyo miwani uende nayo kazini," nikamwambia. Tukacheka mpaka nikashika mbavu. Halafu akaacha kucheka. "Bibi, dirisha limenibadilisha tabia."

Akaandika barua kwa kampuni. Aliandika kwa adabu, nami nilimzuia asiongeze ukali. Alieleza habari ya debe na kigoda na mkeka. Aliomba binadamu aitazame video yake, kwa kuwa sheria ya taarifa binafsi inampa mtu haki ya kuomba uamuzi uliofanywa na mashine peke yake uangaliwe tena. Hilo alilijua mwenyewe, mimi nilijua kusema "tafadhali" tu.

Wiki nzima kimya. Kisha akapiga simu mama mmoja, afisa rasilimali watu wa kampuni ile. Mjukuu akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo," mjukuu akasema.

"Marahaba, binti. Nimeitazama video yako. Hukukosea kitu. Nimezaliwa Nzega, najua kwa nini ulitazama chini."

Nikashindwa kunyamaza. "Sasa mwanangu, hiyo mashine inajuaje moyo wa mtu?"

"Haijui, mama. Ilifunzwa kwa video za watu wengi waliopewa alama na watu wengine, kwa hiyo inatafuta anayefanana na waliopewa alama nzuri. Wataalamu wengi wamekuwa wakisema uso hauwezi kutumainiwa kutuambia hata hisia, seuze tabia. Mtu hukunja uso kwa hasira, na hukunja akiwa anafikiri. Kuna kampuni zilizoacha kabisa kupima nyuso. Sisi tulitakiwa tusome ripoti na kutazama video. Waombaji walikuwa wengi, tukasoma ripoti tu. Samahani, mama."

Hakumpa kazi. Alimwita ofisini, na wengine kadhaa walioachwa na mashine. Mjukuu alinisimulia baadaye. Wasaili walikuwa watatu mezani, wakampa simu iliyoita kweli: mzee wa Ulyankulu, mahindi yake yameota mistari miwili tu, anafoka.

"Nikamwamkia babu kwa Kinyamwezi: mwangaluka, guku. Akaacha kufoka. Nikampa pole. Akaanza kunieleza habari za mvua."

"Na macho?"

"Nilitazama meza, Bibi. Hata sikukumbuka."

Siku tatu za kungoja zikawa ndefu kuliko kwaresima. Nilikuwa nachambua mchele uani aliporudi kutoka dukani akikimbia, simu imeinuliwa juu. Wamemchukua, miezi mitatu ya majaribio, aanze Jumatatu. Akapiga magoti kunikumbatia, tukaangusha ungo, mchele ukamwagika, na machozi yalinitoka kwa kelele nisizozijua.

Jirani yangu akasikia. Akaja mbio, kanga begani, akatuona tumekaa chini tunalia. Akashika kichwa.

"Jamani poleni! Nani amefariki?"

Mjukuu akajaribu kumjibu, kwikwi ikamzuia. Nami nikapunga mkono kumwambia hapana, hapana, lakini yule mama alikwisha kukaa kwenye mchele wetu, anatusaidia kulia.