Mbwa Aliyeitwa Mheshimiwa Hakimu

Wakazi wote wa Maringo na Makadara, wenye mbwa na wanaofukuzwa na mbwa, mnatangaziwa kwamba Bwana Zedekiah Gachanja, fundi viatu anayeketi nje ya korti, ndiye bingwa wa kutoa majina kwa wanyama wadogo katika Jogoo Road nzima. Simameni, mvue kofia. Ubingwa wenyewe ulimgharimu mbwa.

Alimleta nyumbani akiwa mdogo wa kutoshea ndani ya buti la polisi, na kwa kweli ndani ya buti ndimo alimomleta. Siku nzima Gachanja alikuwa amesikia watu wazima wakitetemeka mbele ya cheo kimoja, basi akaona mbwa wake atetemekewe vivyo hivyo. Akamwita Mheshimiwa Hakimu.

"Baba Wakiuru," mkewe Jecinta akasema, "ukimaliza kutaja hilo jina mbwa ameshatoroka mpaka Mowlem."

"Atalizoea."

Jecinta hakubishana. Akimwaga makombo ya ugali kwenye sufuria kuukuu, alisema "Piki!" mara moja tu, kwa sauti nyembamba, na mbwa akaja akitikisa mkia. Haukupita muda mrefu, akisikia "Piki" mbwa anakuja mbio hata akiwa nyuma ya choo cha plotini.

Gachanja naye alilitumia jina lake kubwa wakati wa kesi tu. Soli ya kiatu ikitafunwa: "Mheshimiwa Hakimu!" na ndara inafuata. Mkojo mlangoni: "Mheshimiwa!" na ndara. Leo analitaja lote, kesho nusu. Mbwa hakujifunza jina. Alijifunza ndara. Siku moja Gachanja akapaza sauti, "Mheshimiwa, wacha kula uchafu!" na diwani aliyekuwa akipita akageuka na mahindi mdomoni. Yeye na diwani walielewana, lakini kwa shida.

Halafu kikaja kichaa cha mbwa. Gari la kipaza sauti likazunguka esteti likitangaza kwamba mbwa atakayekutwa nje bila kamba atachukuliwa. Gachanja akanunua kamba nzuri. Asubuhi lori la kukamata mbwa lilipoingia, Jecinta alikuwa sokoni Gikomba, mtoto shuleni, na Mheshimiwa uwanjani akihangaika na mfupa. Wanaume wawili walishuka na fimbo yenye kitanzi cha waya.

"Huyo ni wangu!" Gachanja akapiga kelele mlangoni, kamba mkononi.

"Basi mwite, mzee. Akija umfunge, sisi tunaenda zetu."

Ilikuwa haki kabisa. Gachanja akakohoa. "Mheshimiwa Hakimu!"

Mbwa akainamisha masikio, akakunja mkia, akarudi nyuma. Laini nzima ya nyumba ikaangua kicheko.

"Mheshimiwa! Mheshimiwa Hakimu, njoo hapa!"

Kadiri alivyozidi kupaza sauti, ndivyo mbwa alivyozidi kumsogelea mwenye kitanzi.

"Mwite Piki!" jirani yake Makau akapaza sauti dirishani, povu la kunyolea kidevuni. "Baba Wakiuru, mwite Piki, bwana!"

Gachanja alikuwa nalo ulimini. Lakini watu wote walikuwa wametoka nje, na wote walijua Piki ni jina alilolitoa mkewe.

"Hilo si jina lake," akasema.

Alipolisema hatimaye, alilisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Piki." Kitanzi kilikuwa tayari shingoni. Mbwa akainua masikio, akamtazama, akatikisa mkia. Akajaribu kuja.

Kesho yake Gachanja alikwenda kumuulizia walikofungiwa mbwa waliokamatwa. Vibanda vilikuwa vitupu, vimeshafagiliwa. Jecinta hakumlaumu. Aliiosha ile sufuria ya makombo akaifudikiza juu ya kabati, na hapo ndipo ilipokaa.

Miaka imepita, na leo yeyote mwenye kitoto cha mnyama hupitia kibandani pake. Juzi Nurto, mwenye duka la vitambaa, alileta paka ndani ya kikapu.

"Mzee Gachanja, nataka kumwita Ambari."

"Binti yako si Ambaro? Ukiita mmoja watakuja wote, ama asije hata mmoja. Tafuta fupi, silabi mbili, liishie na 'i', paka hupenda sauti nyembamba. Lisifanane na neno la kumfukuzia. Liseme ukimpa maziwa. Ukitaka kumgombeza, usilitaje."

"Nimwite Kiki?"

"Mwite."

Nurto alipoondoka, mimi niliyekuwa nikingoja kiatu changu nikakaa kwenye kreti la soda, nikamwambia kwamba mtu mwenye elimu kama hii anastahili mbwa mwingine. Akaendelea kuvuta uzi wa nta, macho kwenye kiatu.

"Na huyo utamwitaje, mzee?" nikauliza.

"Nitapiga mluzi."