Zebaki Kwenye Fundo la Leso

Kipimajoto cha zebaki kilinitoka mkononi kikavunjika asubuhi ya mvua, katika chumba cha wazazi cha zahanati yetu kule Abuku, mpakani. Ndani alikuwemo mama mmoja kutoka Sudan Kusini, kichanga chake cha siku mbili, na nyanya wa mtoto. Sigiri ya mkaa ilikuwa konani ikipasha chumba joto. Na mimi, muuguzi mzima, nikakimbilia nini? Ufagio! Nimefundishwa miaka yote kwamba zebaki haifagiliwi, lakini nyumbani kwetu kitu kikivunjika unafagia kabla hujapigwa. Tone moja likawa mia.

Akili iliporudi nikawatoa wote barazani, na sigiri pia, maana joto huigeuza zebaki kuwa hewa isiyo na harufu, na hewa hiyo humharibu mtoto ubongo. Nikafunga mlango wa wodi, nikafungua madirisha, nikavua pete, maana zebaki hula dhahabu, nikavaa glavu.

Nikainama na tochi, mwanga ukiambaa sakafuni. Chini ya kila kitanda vitu vilikuwa vinang'aa, vinanitazama. Nikivisukuma kwa kadi mbili, vinakimbia, kisha vinamezana bila sauti. Niliogopa, sitaficha. Matone makubwa niliyavuta kwa bomba la sindano nikayatia kwenye chupa ya plastiki yenye maji. Madogo nikayanasa kwa plasta.

Lakini tone kubwa kuliko yote, nililoliona mwanzo likiviringika kwenye mguu wa kitanda, halikuwepo. Nilitafuta hadi magoti yakaniuma. Nje mtoto alikuwa analia kwa baridi.

Nikatoka kumwuliza nyanya kama ameliona. Akageuza leso aliyomfungia mtoto. Pembe yake ilikuwa na fundo. Alipolifungua, tone lilikuwa mle, linatetemeka, limepata joto la kifua cha mtoto.

"Naona iko nakimbia, haishikiki," akaniambia. "Nikasema hii iko hai. Ule mtoto wa kwanza alikufa. Hii ikae na huyu."

Mimi ndiye niliyefagia bila kuwaambia kitu. Mtoto nikamrudisha kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, ndani ya kanga yangu kavu. Tone likaingia chupani. Leso, glavu, plasta na ufagio vikaenda kwenye mfuko ndani ya mfuko. Havikuenda shimo la kuchomea, moshi ungeturudishia yote. Niliandika "ZEBAKI", nikafunga stoo kwa kufuli kusubiri watu wa wilaya.

Mtoto alipotimiza siku arobaini, nyanya alimleta, mzima, ananyonya ngumi. Akaniomba akione kile kitu. Watu wa wilaya walikuwa bado hawajaja; nilimsimamisha mlangoni pa stoo, nikamwonyesha chupa kwa mbali. Chini ya maji matone yote yalikuwa yamekuwa moja.

"Inatafuta mwenzake," akasema. Akamfunika mtoto uso ili isimwone, akaondoka kinyumenyume.