Neno la Silvanus Lilikuwa "Imelala"

Kwa miaka thelathini na moja, gari halikutoka gereji kwa Silvanus, hapo Karatu mjini, mpaka yeye mwenyewe aseme neno moja: imelala, yaani injini imetulia. Aliinamisha kichwa kando ya boneti, akafumba macho, akasikiliza injini, ndipo akalitamka. Madereva wa watalii walilichukulia kama muhuri. Naye, tusifiche, alijivunia masikio yake kupita kiasi.

Asubuhi moja Moloimet, dereva anayepeleka wageni kreta kuona wanyama, alileta Land Cruiser inayovuma. Ikifika mwendo wa themanini, wageni wanashika vichwa. Silvanus aliingia chini ya gari, akatoka amenuna. Fundi mwingine alikuwa amekata rizoneta, lile kopo la chuma kwenye bomba la moshi, na kuunga bomba mahali pake.

"Aliniambia ni kopo tupu, halina kazi," Moloimet alijitetea.

"Huo utupu ndio kazi yake."

Akamchorea vumbini. Manifodi inakusanya moshi wa silinda zote sita, na kila silinda inapotoa moshi inasukuma wimbi la sauti bombani. Wimbi likifika kwenye kopo, sehemu yake inaingia, inagonga ukuta, inarudi imechelewa, hata mawimbi mengine yanapopanda, yenyewe inashuka. Yakikutana hivyo yanauana. Lakini kopo lina kipimo chake, linaua mvumo mmoja tu. Sauti nyingine zinakwenda kufifia kwenye sailensa huko nyuma, ndani ya vyumba na mabomba yenye matundu, na hata huko hazifi zote.

Alilegeza manifodi ili bomba likae sawa, akapima, akachomelea kopo jipya, akafunga. Wakalijaribu gari njia ya Buger. Mvumo ulikuwa umekwisha kabisa. Waliporudi, Silvanus aliinama kando ya boneti.

"Imelala."

Moloimet hakupanda. "Samahani, mzee. Hapa mbele kuna kitu kinafanya ts, ts, ts."

Silvanus akasikiliza tena. Hakusikia kitu. Akasogeza kiganja karibu na manifodi bila kuigusa, na pumzi za moto zikampiga vidoleni, moja baada ya nyingine. Gasketi ya manifodi, pale alipolegeza mwenyewe, haikuziba. Sauti ilikuwa inatoroka kabla ya kulifikia kopo au sailensa, na moshi ungeweza kuwafikia wageni. Ile minguruma mizito bado aliipata. Sauti nyembamba zilikuwa zimemtoka masikioni, kelele za grainda ya kukatia chuma zimezila kidogo kidogo, na yeye hakujua. Aliogopa sana.

Akabadilisha gasketi. Alipomaliza hakuinama. "Sikiliza wewe," alimwambia Moloimet, "kisha uniambie."

Jioni alimkuta mke wake, Germana, anachambua maharage. Kwa miezi mingi mama huyu alikuwa anaongea chini chini, midomo inacheza tu, na Silvanus aliamini amenuniwa. Basi naye akanuna.

"Germana, kwa nini siku hizi unaninong'oneza?"

Germana akaweka ungo chini, akamsogelea hadi sikioni.

"Sijawahi kukunong'oneza. Nilijua umeamua kutonijibu."