Barua kwa Marehemu

Miaka ya themanini nilikuwa mpiga chapa katika kampuni moja ya Mombasa iliyouza mashine za barafu hadi Malindi. Kila tulipokosa mauzo, fomu ilijazwa neno moja: bei. Ungedhani pwani nzima ni mafukara. Tukiuza, sababu ilikuwa hekima ya meneja.

Tulipokosa mara tatu mfululizo, hekima ikaamua kwamba kosa ni la muuzaji wetu, mtu mpole wa Rabai, na kwamba afukuzwe. Ila kwanza wanunuzi waulizwe. Muuzaji mwenyewe hangeweza kuuliza, maana nani atakuambia usoni kwamba hakukutaka? Nikatumwa mimi nisiyeuza hata kiberiti.

Nilianzia Mtwapa, kwa mwenye hoteli aliyenunua kwetu. Nilitarajia asifu mashine. Akasema alinunua kwa sababu muuzaji wetu alimkataza kuchukua ile kubwa. "Nikaona huyu hataki kunila pesa," akasema. Meneja hakuwa na habari ya hekima hiyo.

Malindi nikaenda kwa mama mmoja mwenye duka la samaki, aliyenunua kwa washindani wetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Nikamwambia sikuja kuuza, nataka tu kujua kwa nini hakuchukua yetu.

"Bei, mwanangu."

Ningeweza kufunga daftari nikale wali. Nikamuuliza wenzetu walimtoza kiasi gani. Kumbe wao walikuwa ghali kuliko sisi! Basi nikamwomba anisimulie tangu siku alipoona anahitaji mashine, nani alikuja, nani alisema nini.

Akamsifu sana muuzaji wetu. Kisha akaingia ndani, akarudi na barua zetu tatu.

"Hizi mlimwandikia mume wangu," akasema. "Kafa mwaka juzi. Nilimngojea ajibu, hakujibu, nikaona labda hataki barafu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaweka kidole chini kabisa ya karatasi, penye herufi ndogo za jina la mpiga chapa.

"Na huyu ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Ndiye waliyemtuma kuuliza kwa nini?"

Sijapata kuona aibu kama ile. Nilirudi nikaandika kila kitu, na jina langu mwenyewe kwenye sababu, ingawa kazi nilikuwa naipenda. Meneja akasoma, akafurahi: mpiga chapa ni rahisi kumkaripia kuliko kumtafuta muuzaji mpya. Muuzaji akabaki, nami nikapewa barua ya onyo, ambayo niliichapa mwenyewe.

Jioni nilimwomba muuzaji radhi. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia kwamba mume amefariki.

"Niliandika kwenye kadi ya mteja, nikaiweka juu ya mashine yako ya chapa," akasema kwa upole wake ule ule. "Sikukukumbusha. Nilidhani wewe ndiye msomi wetu."